Bili ya mwisho Ujerumani: kumaliza deni dogo lililobaki baada ya kusitisha mkataba

Ukisitisha mkataba wa intaneti, simu au jimu Ujerumani, kuna bili moja ambayo wengi wetu huisahau, nayo ni ile ya mwisho. Mkataba unaisha katikati ya mwezi, wewe unahesabu kwamba mmeshamalizana, kumbe kampuni bado inakudai zile siku kadhaa za mwezi wa mwisho, na bili yake hutoka baada ya mkataba kufa. Kufikia wakati huo umeshahama, akaunti ya zamani ya benki umeifunga, na ukurasa wako kwenye tovuti ya kampuni haufunguki tena kwa sababu wewe si mteja. Bili ya yuro kumi na kitu inakosa pa kwenda. Baada ya wiki kadhaa unapokea barua ya kampuni usiyoijua, yenye neno Inkasso, yaani ukusanyaji wa madeni, kichwani, inakudai mara tatu ya ile bili.

Watu hupokea barua hiyo kwa namna mbili, na zote zinawagharimu. Wapo wanaolipa kila kitu siku hiyohiyo kwa hofu, hata visivyostahili kulipwa. Wapo wanaoiweka droo ya jikoni wakiamini kwamba yuro 13 haziwezi kumpeleka mtu popote. Njia nzuri ni kutenganisha deni lenyewe na gharama zilizopandishwa juu yake. Deni unalipa mara moja. Gharama unazichunguza moja moja, na unazopinga unazipinga kwa maandishi.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tuseme ni dada kutoka Mombasa anayesomea uuguzi. Alikuwa Leipzig, akapata nafasi Bremen. Intaneti ya nyumbani ilikuwa yuro 29.99 kwa mwezi, na aliisitisha kwa barua inayotaja anwani yake mpya. Kampuni ilimjibu, tena kwa anwani hiyohiyo ya Bremen, kwamba mkataba utaisha tarehe 14 Machi 2025. Mwishoni mwa Machi akaifunga akaunti yake ya Leipzig. Tarehe 3 Aprili kampuni ikajaribu kukata bili ya mwisho kutoka kwenye akaunti hiyo, benki ikairudisha. Katikati ya Mei ikaja barua ya wakusanya madeni yenye hesabu hii: deni la msingi yuro 13.54, gharama ya malipo yaliyorudishwa na benki yuro 3.00, gharama za barua za ukumbusho yuro 7.50, riba senti 12, ada ya ukusanyaji yuro 18.00. Jumla yuro 42.16.

Hatua ya kwanza: hakikisha barua ni ya kweli

Barua za uongo za aina hii ni nyingi, na huwalenga hasa watu wasiosoma Kijerumani vizuri. Usianze kwa kupiga namba ya simu iliyoandikwa kwenye barua, maana kama barua ni ya uongo hata namba ni ya matapeli. Kila kampuni ya kukusanya madeni Ujerumani inatakiwa iwe imesajiliwa, na rejista iko wazi kwa kila mtu kwenye `www.rechtsdienstleistungsregister.de`. Andika jina la kampuni kama lilivyo kwenye barua, kisha linganisha anwani. Tangu Januari 2025 usimamizi wa kampuni hizi uko chini ya ofisi moja ya serikali kuu, Bundesamt für Justiz, na malalamiko hupelekwa huko.

Matapeli wakati mwingine huazima jina la kampuni halali, kwa hiyo usiishie kwenye jina. Tazama namba ya akaunti ya kulipia. Ya Ujerumani huanza na DE na ina herufi na tarakimu 22 kwa jumla. Ikianza na herufi za nchi nyingine huku kampuni ikijiita ya Kijerumani, simama hapo. Tangu Oktoba 2025 benki za nchi zinazotumia yuro zinalinganisha jina la mpokeaji na namba ya akaunti kabla hujathibitisha malipo, na zinakuonya kama haviendani. Onyo hilo lichukulie kwa uzito.

Alama nyingine ni vitisho. Barua halali inaweza kukutisha kwa mahakama na kwa gharama kuongezeka. Barua inayokutisha kwa polisi, jela au kufukuzwa nchini kwa sababu ya bili ya intaneti ni ya matapeli. Kwa sheria, barua ya kwanza inatakiwa ikwambie wazi ni nani anakudai, kwa mkataba gani, na kila gharama imetoka wapi. Ukikuta jumla kubwa bila mchanganuo, na jina la mdai halitajwi, usilipe hata senti hadi ueleweshwe.

Hatua ya pili: pata ile bili yenyewe

Hapa ndipo ukurasa uliofungwa unapoumiza. Bili iko ndani, wewe uko nje. Usihangaike na nenosiri. Tafuta namba yako ya mteja kwenye bili yoyote ya zamani au kwenye barua ya kuthibitisha usitishaji, kisha iandikie huduma kwa wateja ya kampuni yako ya zamani, siyo ya wakusanyaji, uwaombe nakala ya bili ya mwisho, inayoitwa `Schlussrechnung`, kwa barua pepe.

Ukiipata, ihakiki kwa kalamu. Dada yetu alitumia intaneti siku 14 kati ya 31 za Machi. Yuro 29.99 mara 14, gawanya kwa 31, unapata 13.54. Hesabu ni sawa, deni ni la kweli. Laiti bili ingekuwa ya mwezi mzima ilhali mkataba uliisha tarehe 14, au ingekuwa na gharama ya ruta ambayo yeye aliirudisha kwa posta na risiti anayo, basi hata deni la msingi lingekuwa na mgogoro, na hatua zinazofuata zingebadilika: angepinga lote, au angelipa sehemu asiyobishana nayo tu. Ndiyo maana risiti ya posta ya kurudisha ruta haitupwi.

Hatua ya tatu: amua kila mstari peke yake

Deni la msingi la 13.54 ni lake, analipa.

Yuro 3.00 za malipo yaliyorudishwa nazo analipa. Alikuwa ameiruhusu kampuni ikate pesa kwenye akaunti, kisha akaifunga akaunti bila kuwaarifu. Kampuni inaruhusiwa kudai kile ambacho benki iliitoza kweli, na kiwango cha yuro tatu hivi hakina ubishi. Ingekuwa 10 au 15, angeomba uthibitisho.

Gharama za barua za ukumbusho zinahitaji macho makali. Barua ya ukumbusho inayokuingiza kwenye hali ya kuchelewa kisheria haitozwi pesa. Zinazofuata zinaweza kutozwa, lakini kwa kiasi cha karatasi, bahasha na stempu tu, na mahakama kwa kawaida hukubali yuro mbili au tatu kwa barua. Mshahara wa karani aliyeiandika hauhesabiwi. Kwa hiyo 7.50 tayari inatia shaka.

Kisha kuna ada ya ukusanyaji, na hapa watu wengi huona kampuni inajiamulia tu. Ina kikomo. Tangu Oktoba 2021 madeni yasiyozidi yuro 50 yana kiwango chao cha chini: ukilipa mara tu baada ya barua ya kwanza, ada ni yuro 15, ukiongeza asilimia 20 ya gharama za posta na simu inafika 18. Ukichelewa baada ya barua hiyo ya kwanza, inapanda hadi thelathini na kitu. Viwango hivi viliongezwa kidogo Juni 2025, kwa hiyo ukiona 19 badala ya 18 usishtuke. Ukiona 50 au 70 juu ya deni la yuro 13, kuna kitu hakiko sawa. Yuro 18 kwenye mfano wetu ni kiasi halali, ikiwa ada yenyewe inastahili kudaiwa.

Na kustahili kwenyewe kunategemea swali moja: je, ulikuwa umechelewa kisheria kabla deni halijapelekwa kwa wakusanyaji? Kwa mtu wa kawaida, kuchelewa huanza unapopokea barua ya ukumbusho baada ya muda wa kulipa kupita, au siku 30 baada ya kupokea bili kama bili yenyewe iliandika onyo hilo, au pale tarehe ya kulipa ilipokuwa imetajwa wazi kwenye mkataba. Angalia neno kupokea. Anayedai kwamba ulipokea ndiye anayetakiwa kuthibitisha, na barua ya kawaida ya posta haina uthibitisho.

Dada yetu hakupokea kitu. Bili na barua za ukumbusho zote zilikwenda Leipzig, ambako jina lake lilikuwa limeshaondolewa kwenye kisanduku cha barua. Tena ana karatasi nzito mkononi: ile barua ya kampuni ya kuthibitisha usitishaji, iliyotumwa Bremen. Kampuni ilijua anapoishi, ikaandika kwingine. Kwa hiyo 7.50 na 18.00 anazipinga. Na senti 12 za riba je? Ni pesa ya kuokota, lakini riba ni matokeo ya kuchelewa. Akiilipa huku akisema hakuwa amechelewa, anajipinga mwenyewe kwenye karatasi. Hailipi.

Sasa niseme wazi ninavyoona. Kama ulihama bila kumwambia mtu, au barua za ukumbusho ulizipokea ukazipuuza, usijitie kwenye vita hii. Lipa jumla yote ndani ya tarehe iliyotajwa, ilimradi ada iko ndani ya kikomo, na faili lifungwe. Yuro 18 ni ghali kuliko bili, ni nafuu kuliko hatua ya mahakama. Pinga pale unapokuwa na karatasi ya kushika. Ukiwa huna uhakika, vituo vya kutetea walaji, Verbraucherzentrale, vina kikokotoo cha bure mtandaoni kinachoitwa Inkasso-Check. Unaingiza yaliyomo kwenye barua, nacho kinakwambia kama madai yanasimama na kinakuandalia barua ya kujibu.

Hatua ya nne: lipa, na uandike unalipa nini

Hii ndiyo hatua inayoharibika kimyakimya kuliko zote. Sheria ya Ujerumani inasema hivi: mtu akilipa pungufu bila kueleza, pesa inaanza kufidia gharama, kisha riba, na deni la msingi linakuja mwisho. Tazama hiyo ina maana gani hapa. Dada yetu anataka kulipa 13.54 na 3.00, yaani yuro 16.54. Akizituma bila maelezo, wakusanyaji wana haki ya kuziweka kwenye gharama, ambazo peke yake zinazidi kiasi hicho. Deni la msingi linabaki 13.54 palepale, kana kwamba hakulipa, na riba inaendelea kutembea.

Dawa yake iko kwenye kile kisanduku cha maelezo ya malipo, `Verwendungszweck`, ambacho watu hukijaza namba tu. Andika namba ya faili, `Aktenzeichen`, kama ilivyo kwenye barua, halafu ongeza maneno haya:

```
Az. [namba ya faili] nur Hauptforderung und Rücklastschrift
```

Maana yake ni kwamba pesa hii ni ya deni la msingi na malipo yaliyorudishwa tu. Usilipe kwa kiungo cha haraka au msimbo wa kuskani uliochapishwa kwenye barua kama unalipa sehemu, kwa sababu maelezo huko hujazwa na wao na mara nyingi huwezi kuyabadilisha. Fanya uhamisho wa kawaida wa benki.

Umlipe nani? Soma kama barua inasema deni limehamishiwa kwa wakusanyaji, neno la kutafuta ni `abgetreten`, au kama wanadai kwa niaba tu. Likiwa limehamishwa, lipa kwao. Wakiwa wanadai kwa niaba, kumlipa mdai wa asili nako kunalimaliza deni kisheria, lakini kwa mteja wa zamani sishauri. Mfumo wa kampuni umeshakufunga, pesa inaingia bila mahali pa kukaa, na wakusanyaji wanaendelea kukuandikia wakisema hawajaona kitu. Ukishaihakiki barua, lipa kwenye akaunti ya wakusanyaji yenye namba ya faili.

Kwa aliyesharudi Nairobi, Dar au Kampala kuna mtego wake. Ukituma yuro 16.54 kwa uhamisho wa kimataifa wa benki, benki za njiani zinaweza kukata ada zao humohumo, zikafika yuro chache tu, na umeanzisha deni jipya dogo juu ya lile la zamani. Ama umwombe ndugu aliyeko Ujerumani alipe kutoka akaunti yake, sheria inaruhusu mtu mwingine akulipie, ilimradi jina lako na namba ya faili viwe kwenye maelezo. Ama utumie huduma ya kutuma pesa ambayo inalipa kutoka akaunti iliyoko ndani ya Ulaya na inakuonyesha, kabla hujathibitisha, kiasi kamili cha yuro kitakachofika. Kama huduma hiyo haikupi nafasi ya kuandika maelezo yako, usiitumie kwa kazi hii.

Hatua ya tano: andika siku hiyohiyo

Malipo bila barua yanaacha nusu ya kazi. Andika kwa barua pepe au kupitia fomu ya tovuti ya wakusanyaji, na nakala uipeleke kwa kampuni yako ya zamani. Usipige simu. Kwenye simu utabembelezwa kulipa kwa awamu, na hutakuwa na ushahidi wa ulichosema. Maneno machache yanatosha:

```
Aktenzeichen: [namba]
Die Hauptforderung von 13,54 € und die Rücklastschriftkosten
von 3,00 € habe ich heute bezahlt.
Den übrigen Kosten widerspreche ich. Mahnungen habe ich nicht
erhalten; meine neue Anschrift war Ihrer Auftraggeberin seit
der Kündigung bekannt (Nachweis anbei).
Bitte bestätigen Sie mir schriftlich, dass die Sache erledigt ist.
```

Yaani: nimelipa deni la msingi na gharama ya malipo yaliyorudishwa, gharama nyingine nazipinga, barua za ukumbusho sikuzipata na anwani yangu mpya mteja wenu aliijua tangu nilipositisha mkataba, ushahidi nimeambatanisha, nithibitishieni kwa maandishi kwamba jambo limekwisha. Ambatanisha picha ya ile barua iliyotumwa Bremen na uthibitisho wa malipo kutoka benki. Kama wewe ulipokea barua za ukumbusho, usinakili sentensi hiyo. Ni kauli ya ukweli, na ikionekana si kweli inakugeukia.

Wakusanyaji wanaweza kujibu kwa kufunga faili. Wanaweza pia kutuma barua nyingine moja au mbili za kudai zile 25.50 na riba, kana kwamba hukuandika kitu. Ukishapinga mara moja na una nakala, huna wajibu wa kujibu kila barua inayorudia yaleyale.

Kuna karatasi moja ya kuogopa kati ya hizo: fomu ya kulipa kwa awamu. Inakuja na sura ya huruma, yuro tano kwa mwezi, weka sahihi hapa. Mara nyingi ndani yake kuna sentensi ya kukiri deni lote pamoja na gharama zake, na makubaliano ya awamu yenyewe huwa na ada. Ukiweka sahihi, kila ulichokuwa unakipinga umekikubali, na muda wa deni kuisha kisheria unaanza kuhesabiwa upya. Kwa yuro 16 hakuna sababu ya awamu. Mtu mwenye madeni mengi kiasi kwamba hata hiyo ni ngumu aende kwenye ushauri wa bure wa madeni, `Schuldnerberatung`, unaotolewa na Caritas, Diakonie na manispaa nyingi.

Bahasha ya njano

Barua zote za wakusanyaji, hata zikiwa na maneno mekundu, ni barua za kampuni binafsi. Bahasha ya njano ni kitu kingine. Hiyo inatoka mahakamani, mpeleka barua huandika juu yake tarehe aliyoiacha, na ndani yake kuna `Mahnbescheid`, amri ya malipo. Itunze bahasha yenyewe pia, kwa sababu tarehe iliyoko juu yake ndiyo inayoanza kuhesabu wiki mbili zako.

Mahakama haijachunguza kama unadaiwa kweli. Imepeleka tu madai ya upande mmoja. Ndani kuna fomu ya pingamizi, `Widerspruch`. Unaweka alama kama unapinga yote au sehemu, unaweka sahihi, unairudisha ifike mahakamani kabla wiki mbili hazijaisha. Huhitaji kueleza sababu, huhitaji wakili. Dada yetu, akiwa ameshalipa deni la msingi, angepinga kila kilichobaki kwenye madai, na mdai angepaswa kuamua kama anataka kesi ya kweli kwa ajili ya yuro 25.

Usipojibu, inafuata amri ya pili yenye nguvu ya utekelezaji, ambayo nayo ina wiki mbili za kupingwa kwa `Einspruch`. Hizo zikipita, deni linakuwa na hati ya mahakama inayodumu miaka 30, hata kama mwanzoni halikuwa halali. Gharama ya mahakama peke yake huanzia zaidi ya yuro 35. Bili za yuro 13 huwa mia na zaidi kwa njia hii tu, ya mtu aliyehama na bahasha ya njano ikaachwa kwenye kisanduku ambacho bado kina jina lake. Kwa hiyo siku ya kuhama ng'oa jina lako kwenye kisanduku cha zamani, libandike kwenye kipya siku hiyohiyo, na lipia huduma ya posta ya kuelekeza barua kwenye anwani mpya, `Nachsendeauftrag`, kabla ya kuondoka.

Akaunti ya mteja iliyofungwa na alama kwenye SCHUFA

Deni likishalipwa, usitegemee kwamba kufuli la kampuni litafunguka lenyewe. Ofisi inayopokea pesa na ofisi inayokubali wateja hazisomi barua za mwenzake. Utaliona hili siku ukiomba mkataba mpya kwao, au kwa kampuni dada inayotumia mfumo uleule, ukakataliwa ndani ya dakika moja. Ukishapata uthibitisho wa kumaliza, uambatanishe kwenye barua kwa huduma kwa wateja, taja namba yako ya zamani ya mteja, na uombe mambo mawili: wathibitishe salio ni 0.00, na waondoe zuio la mteja. Kampuni haina wajibu wa kukupa mkataba mpya, ila ikishaona sifuri mara nyingi haina sababu ya kuendelea kukuzuia. Hili ni tofauti na kukatiwa laini ya simu ambayo mkataba wake bado uko hai. Huko sheria hairuhusu kukata kwa deni lililo chini ya yuro 100, na hata likifika kiasi hicho lazima uonywe kwa maandishi wiki mbili kabla.

SCHUFA, ile kampuni inayotunza kumbukumbu za uaminifu wa watu kwenye malipo, ndiyo inayowatia watu hofu zaidi, kwa sababu mwenye nyumba huomba ripoti yake kabla ya kukupangisha. Deni lisilo na hati ya mahakama na ambalo hujalikiri haliandikwi huko kiholela. Lazima uwe umekumbushwa kwa maandishi mara mbili, wiki nne zipite tangu ukumbusho wa kwanza, uwe umeonywa kwamba utaripotiwa, na uwe hujalipinga. Soma sharti la mwisho tena. Pingamizi la maandishi lililotumwa mapema linafunga mlango huo, na hiyo ni sababu nyingine ya kutolipinga kwa simu.

Baada ya mwezi hivi, omba nakala ya bure ya taarifa zako, `Datenkopie`, kwenye tovuti ya SCHUFA. Kuna ripoti ya kulipia inayowekwa mbele yako kwa vitufe vikubwa. Wewe tafuta ile ya bure, inatosha kwa kazi hii. Ukikuta deni limeandikwa bila masharti yale kutimizwa, waandikie SCHUFA na aliyeripoti, ukiambatanisha pingamizi lako na uthibitisho wa malipo, udai lifutwe. Likiwa liliandikwa kihalali, likilipwa hubaki miaka mitatu. Tangu Januari 2025 muda huo umepunguzwa kuwa miezi 18 kwa mtu aliyelipa ndani ya siku 100 tangu kuripotiwa na ambaye hana doa jingine.

Weka kwenye faili moja bili ya mwisho, uthibitisho wa usitishaji, picha ya malipo yenye yale maelezo, barua yako na jibu lao. Madai ya aina hii huisha nguvu miaka mitatu baada ya mwisho wa mwaka yalipozaliwa. Bili ya Machi 2025 itakwisha nguvu tarehe 31 Desemba 2028, na hadi siku hiyo kampuni nyingine ya kukusanya madeni inaweza kununua rundo la mafaili ya zamani na kukuandikia kuhusu zile 25.50. Ikitokea, unamjibu kwa kumtumia nakala ya ulichoandika mwaka 2025, bila kuongeza neno.